Katoni ya Miche Ishirini

Maulida alikuwa mtunza hesabu msaidizi wa taasisi moja ya Kibaha yenye hosteli mbili za wanafunzi, moja hapo mjini na nyingine Kisarawe. Tangu aachike aliishi na mwanawe kwa mjomba wake Halidi, katika mtaa wa Pangani, hapohapo Kibaha. Mjomba alikuwa na duka la jumla, na ndiye aliyeiuzia taasisi sabuni.

Mwezi Juni, Jumbe, mtunza stoo wa Kisarawe, alisimamishwa kazi. Kompyuta ilionyesha kwamba alipokea katoni arobaini za sabuni. Kila katoni ilihesabiwa miche ishirini na minne, jumla mia tisa na sitini. Yeye aligawa miche mia nane, na stoo ilikuwa tupu. Miche mia na sitini, kwa shilingi elfu tatu kila mmoja, ikawa deni lake: laki nne na themanini elfu, la kukatwa kwenye nusu mshahara aliobakiziwa.

"Katoni zenyewe zilikuwa pungufu," alisema Jumbe. Hakuna aliyemwamini. Alizipokea zikiwa zimefungwa, akahesabu katoni, akasaini.

Wiki ile Bernard, mhasibu mkuu, alimwita Maulida.

"Muhula ujao sitaki bei ya katoni wala ya gunia. Mchele nipe kwa kilo, daftari kwa moja, mayai kwa yai, sabuni kwa mche. Wengine wanauza dazeni, wengine katoni. Hatuwezi kulinganisha hivihivi."

Maulida akaanza kugawanya. Trei ya mayai kwa thelathini, dazeni ya madaftari kwa kumi na mbili. Alipofika kwenye sabuni, ankara ya Mjomba ilisema tu: katoni 40, kila moja 72,000. Akatafuta noti ya Mjomba ya kukabidhi mzigo. Pembeni, kwa kalamu, palikuwa na maandishi madogo: *1 x 20*.

Akagawanya tena. Kwa ishirini na minne, mche ulikuwa elfu tatu. Kwa ishirini, elfu tatu na mia sita. Muuzaji mwingine, aliyekataliwa kwa sababu katoni yake ilikuwa 79,200, aliuza miche ishirini na minne ya uzito uleule: elfu tatu na mia tatu. Jedwali lililofanya bei ya Mjomba ionekane rahisi aliliandaa Maulida mwenyewe, kwa bei za katoni.

Akairudisha noti kwenye faili.

Jioni, baada ya kula, alimfuata Mjomba barazani.

"Shikamoo, mjomba. Katoni za sabuni zilikuwa na miche mingapi?"

"Marahaba. Ishirini. Kiwanda kimepunguza tangu Machi, bei ikabaki ileile. Mbona niliandika kwenye noti?"

"Mzee Jumbe anakatwa mshahara kwa sababu ya ile miche minne iliyopungua, mjomba."

"Mimi sikumwibia mtu. Ninyi hamkusoma. Sasa ukienda kusema, watauliza nani alinipa zabuni, na nani analala kwa nani. Utabaki na kazi? Mtoto utampeleka wapi?"

Hakupandisha sauti. Maulida akainuka, akaenda kumlaza mwanawe.

Siku tisa alikwenda ofisini na kurudi. Noti ilikuwa kwenye faili, karatasi moja tu, na mara mbili aliichomoa akairudisha. Mkewe Mjomba, Tatu, aliendelea kumpakulia chakula kama kawaida, na kila sahani ilimbana zaidi. Siku ya kumi akatumwa Kisarawe kuhesabu mali ya stoo. Maharage yalikuwa yamehifadhiwa katika makatoni matupu ya sabuni. Aliinama, akasoma ubavuni: *miche 20 x gramu 800*. Akageuza la pili, la tatu. Yote ishirini.

Alipiga picha, akarudi Kibaha, akaweka picha na noti mezani kwa Bernard.

"Hitilafu ni yetu. Kipimo cha katoni kwenye kompyuta hakikubadilishwa. Na muuzaji ni mjomba wangu. Sikuwahi kuwaambia."

Bernard alisoma muda mrefu. "Umejua lini?"

"Siku kumi zilizopita."

Jumbe alirudishwa kazini na fedha aliyokatwa ikalipwa. Maulida alipewa barua ya onyo, akaondolewa kwenye manunuzi. Duka la Halidi likakosa zabuni, kwa kuwa mche wake ndio uliokuwa ghali kuliko yote.

Mjomba hakumfukuza. Maulida angependa amfukuze. Alimwachia chumba kilekile, na kila asubuhi aliitikia shikamoo yake kwa "marahaba" fupi, huku akitazama pembeni. Chumba cha kupanga mjini, na kodi ya miezi sita mbele, mshahara wake haukukifikia.

Mwisho wa mwezi alikutana na Jumbe kwenye ngazi za ofisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia wewe ndiye uliyenitoa kwenye lile deni."

"Nilijua, nikachelewa siku kumi kusema, mzee. Nisamehe."

Jumbe alimtazama. "Siku hizo kumi, mke wangu alikuwa anakopa unga." Halafu akapanda ngazi, na Maulida akasimama palepale, mkono kwenye ukuta, hadi watu waliokuwa wakishuka wakamwomba apishe.