Figo Zinazolala Usiku

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, mimi Evaristo nilikuwa muuguzi mpya katika wodi ya wanaume ya hospitali moja ndogo upande wa Lindi, na nilikuwa na mwandiko mzuri. Nautaja mwandiko kwanza kwa sababu hata siku zile niliutaja kwanza. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nilijibu Nyangamara, na kabla hajaitikia nilikuwa nimeshamwonyesha ninavyoiandika N kubwa yenye mkia. Wenzangu wakaniita Bwana Mistari. Nilidhani wananisifu.

Wiki hiyo aliletwa Mzee Abdurahmani, mkulima wa korosho kutoka Milola. Alikuwa amebeba nguzo za nyumba yake mpya kwenda kijiji cha ujamaa, ngiri yake ya miaka mingi ikatoka na kukataa kurudi. Alipofika tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma. Dokta Nassibu, daktari pekee tuliyekuwa naye, alimpasua usiku uleule, akakata kipande cha utumbo kilichokwisha kufa, akaunganisha. Mzee akatoka chumba cha upasuaji akiwa na mpira puani wa kutolea maji ya tumbo, mpira mwingine wa mkojo, na dripu mkononi. Amri ilikuwa asile wala asinywe kitu mpaka utumbo uamke.

Mgonjwa wa namna hiyo huandikiwa kila kitu. Kila chupa ya dripu ikiisha, unaandika. Kila unapovuta maji ya tumbo au kumwaga mkojo, unapima na kuandika. Kitandani inaning'inia karatasi, na karatasi ya Mzee Abdurahmani ilikuwa aibu tupu: madoa ya chai, dawa ya kidonda, kalamu za rangi tatu, miandiko ya watu wanne. Dokta Nassibu akaitazama, akaigeuza huku na huku kama anayetafuta pa kuanzia, akasema:

"Jamani, mimi nina wagonjwa sitini. Kabla ya raundi nataka mambo matatu tu. Kwa siku nzima, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili asubuhi, yameingia maji kiasi gani, yametoka kiasi gani, na salio ni ngapi. Basi."

Sista Agnes, mkuu wa wodi, akanigeukia. "Bwana Mistari, kazi yako hiyo."

Sijapata kuitwa kwa heshima namna ile. Kesho yake nilifika alfajiri na rula.

Kujumlisha kilichoingia kulikuwa rahisi: chupa sita za nusu lita, jumla mililita elfu tatu. Nilikagua hata chupa iliyotundikwa kabla ya saa kumi na mbili ili isihesabiwe siku mbili, nikajipongeza kwa uangalifu. Kilichotoka kilikuwa na kituko. Mchana, maji ya tumbo yalikuwa 600 na mkojo 550. Usiku, maji ya tumbo 20 na mkojo 18. Nikakodoa macho. Mbele ya kila tarakimu ya usiku Mama Genoveva, muuguzi wa zamu hiyo, alikuwa ameweka kijialama kilichopindapinda kama mkia wa mjusi. Alikuwa mwanamke wa madaha, aliyesomea uuguzi kwa masista enzi za Mwingereza, na nikaona ni madoido yake tu. Nami sikuwa tayari kuweka madoido ya mtu mwingine katika karatasi yangu. Nikayaacha.

Jumla iliyotoka: 1,188. Salio: 1,812, za kubaki mwilini. Nikaweka alama ya kuongeza mbele yake, nikaizungushia duara zuri sana.

Ila nilikuwa mtu wa kufikiri. Kwa nini mchana mia tano na usiku kumi na nane? Wakati wa chai nikamweleza Sista Agnes nilichogundua.

"Sista, nadhani figo za mzee yule hulala usiku. Pamoja na tumbo. Huenda ni watu wengi wa huku, ila hajatokea wa kuwachunguza."

Sista Agnes alinisogezea kikombe. "Kunywa chai, Evaristo," akasema.

Nilikunywa, huku kichwani natunga barua kwa Wizara ya Afya.

Kwenye raundi Dokta alipokea karatasi yangu safi, akatabasamu. "Hii ndiyo karatasi." Akasoma mistari mitatu. "Anabakiza karibu lita mbili. Ni mengi kwa mzee wa umri huu, yatamwingia mapafuni. Punguzeni dripu, chupa nne kwa siku." Akamshika mzee bega, akaenda kitanda cha pili. Karatasi ya madoa haikutazamwa tena. Nilikuwa nimeikunja na kuitia chini ya godoro, kwa sababu iliharibu sura ya kitanda.

Siku iliyofuata nikaichomoa karatasi ile, ambayo wenzangu waliendelea kuijaza, nikapiga hesabu yangu tena, nikairudisha chini ya godoro. Yaliyoingia 2,000. Yaliyotoka: mchana, tumbo 650 na mkojo 300, usiku, tumbo 21 na mkojo 9. Salio 1,020 za kubaki. Nikaona figo sasa zinasinzia hata mchana. Nadharia yangu ilikuwa inakua.

Tulipofika kitandani, Bi Adija, mke wa mzee, alikuwa amekaa kwenye mkeka akimpepea mumewe kwa kipepeo cha ukindu.

"Shikamoo, mama," Dokta akasema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu anaomba maji tangu jana. Midomo imepasuka. Nikimwambia mmekataza, ananinunia mimi."

Dokta akasoma karatasi yangu. Kisha akafanya jambo ambalo mimi, kwa siku mbili za kumhudumia mzee yule kwa kalamu, sikuwa nimelifanya: akamtazama. Akamwambia atoe ulimi. Ulimi ulikuwa mkavu kama gome. Akaifinya ngozi ya kifuani, ikabaki imesimama. Akamshika mkono, akatazama saa yake. Mapigo yalikuwa yanakimbia. Akabonyeza vifundo vya miguu, akasikiliza mapafu mgongoni. Hakukuwa na uvimbe, mapafu yalikuwa safi.

Akanirudishia karatasi. "Evaristo. Kwa siku mbili umenibakizia karibu lita tatu ndani ya mtu huyu. Nionyeshe ziliko."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa karibu kabisa kusema kuhusu figo zinazolala. Mpaka leo nikikumbuka jinsi sentensi ile ilivyokuwa imekaa tayari ulimini, jasho hunitoka.

Bi Adija ndiye aliyeniokoa. "Baba, mimi sijui kusoma. Lakini huyu mama wa usiku akija kumwaga, jagi linatoka limejaa. Linamwagikamwagika njiani, mimi ndiye ninayefuta."

"Limejaa?" nikauliza. "Usiku?"

"Usiku. Kwani usiku watu hawakojoi?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka kisha akashika mshono wake.

"Niruhusu kidogo, Dokta," nikasema, nikaenda chumba cha kumwagia uchafu, kwanza nikitembea kama mtumishi wa serikali, kisha nikikimbia. Jagi la kioo tulilopimia mchana, lenye mistari ya mililita, Sista Agnes alikuwa akilifungia kabatini kila jioni. Lilikuwa limebaki moja tu. Mwenzake nililivunja mwenyewe wiki ya kwanza ya kazi. Juu ya rafu palikuwa na jagi la bati, la zamani, lililopondeka ubavuni. Nikalipeleka dirishani. Ndani lilikuwa na mistari: tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Chini yake, herufi mbili zilizogongwa: o na z. Mkia wa mjusi.

Aunsi. Mama Genoveva hakuwa ameweka madoido yoyote. Alikuwa ameandika kipimo chake waziwazi, kila mara, na mimi mwenye mwandiko mzuri nilikuwa nimekifuta. Ishirini yake ilikuwa painti nzima, zaidi ya nusu lita.

Nilirudi na jagi kifuani, nikaitoa karatasi ya madoa chini ya godoro, nikampa Dokta vyote viwili.

"Usiku wanapima kwa aunsi," nikasema. "Yeye ameandika. Mimi nimeacha."

Dokta akaligeuza jagi, akachukua kalamu.

"Aunsi moja tuseme mililita thelathini. Piga hesabu hapahapa, kwa sauti."

Nikapiga. Siku ya kwanza yalitoka 2,290, salio 710 tu. Siku ya pili yalitoka 1,850, salio 150.

"Na jasho?" Dokta akauliza. "Na pumzi? Na homa aliyokuwa nayo jana, katika joto hili? Umeviandika wapi?"

"Havipimwi, Dokta."

"Havipimwi, lakini vinatoka. Si chini ya nusu lita kwa siku, na hapa kwetu ni zaidi. Kwa hiyo jana mzee huyu hakubakiza kitu. Alikuwa anakauka, nasi tunamnyima." Kisha akasema polepole, "Mimi pia nilisoma duara lako nikapita. Ulimi ulikuwepo hata jana."

Akaagiza chupa moja iende haraka, nyingine ifuate, na dripu irudi kuwa sita na zaidi kadiri maji ya tumbo yatakavyotoka. Mimi nilikaa pale kitandani mchana kutwa, nikihesabu matone, nikimlowesha mzee midomo kwa pamba. Jioni mkojo ulianza kuwa mwingi na rangi yake ikafifia. Sijapata kuupenda mkojo wa mtu namna ile.

Mama Genoveva alipoingia zamu nilimweleza yote, pamoja na mkia wa mjusi. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Mwanangu, ulidhani natarizi?" Akafuta macho. "Lakini na mimi nina langu. Karatasi imeandikwa mililita juu kabisa. Ningebadilisha mwenyewe kabla ya kuandika. Mazoea haya." Sista Agnes naye, bila kumwambia mtu neno, aliacha ufunguo wa kabati la jagi mlangoni pake.

Mzee Abdurahmani alipata nafuu kidogokidogo. Maji ya puani yakapungua. Asubuhi moja, niko na rula yangu, nimeandika kichwa kipya chenye kipimo kando ya kila tarakimu na mstari mmoja wa chini usemao *jasho na pumzi havimo*, ikasikika sauti kutoka chini ya shuka lake, ndefu, ya kujiamini, kama mtu anayeburuta kiti sakafuni.

Utumbo ulikuwa umeamka. Wagonjwa wakapiga makofi. Bi Adija akainua mikono, "Alhamdulillahi!", na Dokta Nassibu, aliyekuwa mlangoni, akaagiza mzee aanze kupewa maji vijiko viwili viwili.

Mzee mwenyewe alinitazama kwa jicho la mtu aliyefanya kazi yake.

"Na hiyo andika, Bwana Mistari," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Imetoka."

Nilisimama na kalamu, nikitafuta kwa dhati kabisa ni safu ipi.