Nukta Mkato Nne

Wewe unayesoma, umewahi kuona kazi ya mikono yako inavalishwa jina la mtu mwingine, nawe ukapiga makofi pamoja na wenzako? Mama Kadi alipiga. Alipiga mpaka kiganja kikamwasha, na mkono wenyewe ulikuwa mbovu.

Tuanze na huo mkono. Mama Kadi alikuwa karani katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali ya macho. Chumba kilikuwa na madirisha mawili yasiyofunguka, meza sita, na makabati ya chuma yaliyojaa kadi za manjano za wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Kadi hizo zilikuwa zinahamishiwa kwenye kompyuta, moja moja. Unaandika jina, namba, umri. Unabonyeza Tab kwenda kisanduku kinachofuata, unaandika "Wadi ya Macho". Tab tena, unachagua jicho. Hapo kompyuta imeshajiwekea neno "Kulia", kwa hiyo kama jicho bovu ni la kushoto unabonyeza mshale wa chini mara moja. Unahifadhi. Unachukua kadi nyingine. Maneno yale yale, vitufe vile vile, toka asubuhi mpaka jioni, hadi kifundo cha mkono wake wa kulia kikavimba kama andazi na daktari akamfunga bandeji.

Kibodi yake nayo ilikuwa imechoka. Kitufe cha Tab kilikufa kabisa. Aliandika barua ya kuomba kibodi nyingine, akaambiwa asubiri. Akaandika ya pili. Ya tatu haikujibiwa hata kwa kuambiwa asubiri.

Ni binti yake, mchapaji wa mikataba kwa mawakili, aliyemwonyesha programu iitwayo AutoHotkey. "Mama, unaiandikia maagizo kwenye faili la kawaida, kama unavyoandika barua. Halafu kitufe kimoja kinafanya kazi ya vitufe ishirini. Wala hailipiwi."

"Na nikikosea?"

"Inakuonyesha mstari uliokosea. Unarekebisha."

Mama Kadi aliomba ruhusa kwa fundi wa kompyuta, programu ikawekwa, na kwa wiki tatu, saa ya mapumziko wenzake wakienda kunywa chai, alikaa na faili lake. Mstari wa kwanza aliofaulu ulikuwa mfupi: CapsLock::Tab. Basi. Toka hapo kitufe cha herufi kubwa, ambacho hakukihitaji, kikawa ndicho Tab yake. Alikibonyeza mara tano akicheka peke yake. Baadaye akaandika F8 kwa jicho la kulia na F9 kwa jicho la kushoto. Akishaandika umri, anabonyeza F9, na maneno yanajiandika, mshale unashuka, kadi inahifadhiwa, kabla hujapepesa.

Ila aliona jambo moja ambalo asiyeijua kazi asingeliona. Ukiandika umri chini ya miaka kumi na minane, kompyuta inachomoza kisanduku cha ziada: jina la mzazi au mlezi. Kinajipenyeza katikati. Vitufe vinavyomfaa mtu mzima vinakuwa pungufu kwa Tab moja, na kila neno linaangukia pasipo pake. Kwa hiyo, mwanzoni mwa F8 na mwanzoni mwa F9, akaweka swali. Kidirisha kinajitokeza: "Mgonjwa ni mtoto?" Ukijibu hapana, kazi inaendelea. Ukijibu ndiyo, inakupeleka mpaka kisanduku cha mlezi na kusimama hapo, umalize kwa mkono wako mwenyewe. Mistari minne tu. Aliipenda kuliko mingine yote.

Kadi zake zikapanda. Wenzake sitini kwa siku, yeye mia moja na arobaini, na bandeji yake mkononi.

Mkuu wa kumbukumbu, ambaye wao walimwita Takwimu kwa kuwa hasemi sentensi bila asilimia, alikuja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Mama, unatumia dawa gani?"

Naye, kwa moyo mweupe, akamwonyesha. Alimweleza mchana mzima. Takwimu akachukua kiti, akaitikia kwa kichwa, akatoa flashi mfukoni. "Niwekee humo nikaangalie vizuri nyumbani."

Jumatatu iliyofuata wafanyakazi wote waliitwa ukumbini. Takwimu alisimama mbele akasema ameunda mfumo wa kuongeza kasi kwa asilimia mia moja. Matroni, mkubwa wa wauguzi, akamshika mkono. Kwenye ukuta ilionyeshwa picha ya faili, na juu kabisa, mahali Mama Kadi alipokuwa ameandika "ya mkono wangu, usiguse swali la mtoto", sasa palisomeka: "Mbunifu: Mkuu wa Kumbukumbu."

Watu wakapiga makofi. Yeye pia. Angefanyaje? Ukumbi mzima unapiga, wewe ukunje mikono?

Siku hiyo hiyo mfumo ukawekwa kwenye kompyuta zote sita, na alama yake ya kijani yenye herufi H ikakaa karibu na saa ya kila kioo. Jirani wa meza wa Mama Kadi, mmoja mwenye kicheko cha kusikika mpaka dirisha la dawa, alianza kulalamika kabla hajaketi sawasawa.

"Shoga, kompyuta yangu ina jini. Nataka herufi kubwa, inaniruka inakwenda huko."

"Si jini," alisema Mama Kadi. "Ni Tab yangu iliyokufa."

"Tab yako imekufa kwako, mbona inazikwa kwangu?"

Walicheka wote wawili, lakini Mama Kadi aliacha kwanza. Mtu amekopi mpaka ugonjwa wa kibodi yake. Hakusoma hata ule mstari wa kwanza kujua ulikuwa wa nini. Alikwenda ofisini kwa Takwimu kumweleza kwamba watu wafundishwe kwanza, hasa kwa upande wa watoto.

"Mambo madogo hayo, mama," alisema Takwimu bila kuinua macho. "Rudi kwenye kadi."

Akarudi. Nyumbani binti yake alimuuliza, "Umemwambia?" Akajibu, "Hamna kitu, mwanangu." Lakini sufuria usiku ule ziliwekwa kabatini kwa kishindo.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, sista wa chumba cha upasuaji aliingia chumba cha kumbukumbu na karatasi mkononi. Hakusalimia.

"Nani kaingiza kadi ya huyu mtoto?"

Mtoto wa kike, miaka sita, mwenye mtoto wa jicho. Orodha ilisema jicho la kulia. Sista alikuwa ameshika chupa ya dawa ya kupanua mboni, akamwinamia, akaona jicho la kulia liko safi na la kushoto jeupe kama limemwagiwa maziwa. Akaisimamisha shughuli.

"Na mlezi wake," aliongeza sista, "anaitwa Wadi ya Macho. Nimeangalia orodha yote. Watoto kumi na tisa, wote ni wa mlezi mmoja, Wadi ya Macho. Mama mwenye uzazi, huyo."



Kadi ile ilikuwa imeingizwa na jirani yake wa meza. Lakini aliyeitwa ofisini kwa matroni alikuwa Mama Kadi. Alipoingia alimkuta Takwimu ameshakaa, na mezani kuna karatasi iliyochapwa tayari, mahali pa saini pakiwa na mstari wa nukta.

"Faili hili ni la kwake," Takwimu alikuwa anasema. "Aliliunda kwa ajili yake mwenyewe, mimi nikamwamini. Nimeandika maelezo kwa niaba yake, ili yaishe bila kelele. Asaini tu."

Mama Kadi aliisoma pole pole, kidole chini ya kila neno. Ilisema yeye ametengeneza programu yenye kasoro na kuhatarisha wagonjwa. Mwenye karatasi kama hiyo katika faili lake hakai kazini mwezi mmoja. Miaka kumi na moja katika chumba kisichofunguka madirisha, iishie kwenye mstari wa nukta.

Wiki mbili nyuma mbunifu alikuwa mwingine. Leo, mtoto alipokaribia kupasuliwa jicho zima, ghafla mbunifu ni yeye.

"Matroni," alisema, "naomba tufungue hilo faili hapa, kwenye kompyuta yako."

"Ni mambo ya kitaalamu," alidakia Takwimu.

"Ni maandishi. Matroni anajua kusoma."

Matroni alimtazama, kisha akasogeza kiti. Nakala ya Takwimu ilikuwa kwenye folda ya pamoja. Ya Mama Kadi aliitoa kwenye flashi yake mwenyewe. Wakazifungua kwa Notepad, programu ya maandishi ya kawaida, moja kushoto moja kulia, na sista akasimama nyuma yao.

"Tafuta F9," alisema Mama Kadi. "Kwangu, mstari wa kwanza unauliza kama mgonjwa ni mtoto. Mnaliona swali? Sasa angalia kwake. Swali lipo pia. Lakini mbele yake pana nini?"

"Nukta mkato," alisema matroni.

"Ukiweka nukta mkato mwanzoni mwa mstari, programu inauruka. Inauhesabu kama maneno ya kujikumbusha, haiutendi. Hesabu zipo ngapi."

Matroni alihesabu kwa kalamu. "Nne. Mistari minne."

"Ndiyo swali zima hilo. Na kwenye F8 ni hivyo hivyo. Limezimwa. Basi mtoto akija, hakuna anayeuliza. 'Wadi ya Macho' inaandikwa kwenye jina la mlezi, mshale wa chini unashuka kwenye kisanduku cha wadi ambako haubadilishi kitu, na jicho linabaki Kulia kama kompyuta ilivyoliweka. Kisha inahifadhi. Mtoto mwenye jicho bovu la kulia anasalimika kwa bahati. Wa kushoto hana bahati hiyo."



Matroni alimgeukia Takwimu. "Ulizima wewe?"

"Lile swali lilikuwa linajitokeza kila kadi," alisema Takwimu. Sauti yake ilikuwa imepungua asilimia nyingi. "Lilikuwa linapunguza kasi. Karibu asilimia kumi na mbili."

"Ulimuuliza yeye kwa nini aliliweka?"

Takwimu alinyoosha mkono kuivuta karatasi yake.

Matroni aliichukua ile karatasi, akaigeuza kichwa chini mezani. "Kadi zote za watoto zirudiwe kwa mkono leo, na orodha ya upasuaji isimame mpaka zikamilike. Mfumo uzimwe kwenye kompyuta zote." Kisha akamwangalia Mama Kadi, aliyekuwa ameelekea mlangoni. "Na wewe mama, hapo mlangoni unataka kusema kitu. Au hamna kitu?"

Mama Kadi alikuwa ameshashika kitasa. Akakiachia.

"Kipo," alisema, akamgeukia Takwimu. "Faili lile ni langu. Nimelitunga mimi, saa ya chai, kwa mkono huu uliofungwa. Zile nukta mkato ni zako, bosi. Nilitaka kusema hivyo ukumbini, mbele ya watu wote, nikapiga makofi. Sasa nataka uende wewe ukawaambie."