Amina kwa Karatasi ya Polisi

Jumatano ile, baada ya sala ya alasiri, msikiti mzima wa Dilala uliitikia "amina" kwa ripoti ya polisi.

Usiwacheke haraka. Maalim Abibu ndiye aliyekuwa akisoma, na Maalim Abibu akisoma hata maelezo ya dawa ya mende utatokwa na machozi. Ana sauti, ana pumzi, anajua pa kuvuta na pa kukata. Karatasi ilikuwa imetoka Ghuba, kwenye mji ambako Sadiki aliendesha malori miaka minne kabla ya kurudi kwao Dilala, mjini Kolwezi, Kongo. Mgodi ulikuwa unatafuta madereva wa benne, yale malori makubwa yanayobeba mawe ya shaba, na kila aliyewahi kufanya kazi nje alidaiwa karatasi ya polisi wa huko. Ya Sadiki ilikuja kwa simu, imeandikwa Kiarabu, ikachapishwa, na yeye akaipeleka moja kwa moja kwa Maalim. Kwa nini ampe pesa yule mfasiri, mwanamke wa mihuri, alisema, wakati Maalim anasoma bure?

Basi Maalim akasoma. Dereva aliyetajwa, akasema, alipiga kwenye maegesho ya malori, kisha akapeleka hospitali. Hapo akaona panatosha, akafunga kwa dua, watu wakaitikia. Ajabu ni kwamba walifurahi. Tangu arudi, Sadiki alikuwa akiwasimulia jinsi alivyomlaza chini jitu la Kiarabu kwa kofi moja, na sasa karatasi yenye nembo ya serikali imethibitisha. Tena baada ya kupiga akampeleka mtu wake hospitali! Nguvu na huruma katika mwili mmoja. Sadiki alisimama mlangoni akipokea mikono kama bwana harusi.

Furaha hiyo haikufika hata magharibi. Mzee Kitenge, mnyapara wa madereva kule mgodini, alikuwa ameahidi kutia sahihi ya udhamini kwenye faili. Naye husali safu ya kwanza. Alivaa viatu vyake taratibu, akamwambia Sadiki kwamba mtu anayepiga watu kwenye maegesho hatampa lori la tani tisini, na kwamba sahihi yake atakaa nayo mwenyewe. Faili zilikuwa zinafungwa Ijumaa saa kumi jioni.

Alhamisi asubuhi, Nuru, yule mwanamke wa mihuri, aliwaona watu wawili wakija. Duka lake liko katika nyumba ya zamani ya kampuni ya mgodi, chumba kimoja, mashine moja ya kutoa kopi na kibao kisemacho yeye ni mfasiri wa kiapo, Kiarabu na Kifaransa. Alisomea Khartoum, akarudi nyumbani vita vilipoanza, akiwa na begi moja na kamusi mbili. Mbele alikuwa Bilkisi, mkewe Sadiki, ambaye tangu mume arudi amelisha nyumba yao kwa kukaanga maandazi karibu na kituo cha pikipiki. Nyuma alikuwa Sadiki, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, akiangalia dari.

Nuru alikuwa ameambiwa yale ya "mwanamke wa mihuri", na kusema kweli alifurahi kidogo kumwona Sadiki hivyo. Naye si malaika.

"Mama Nuru," Bilkisi alisema, "ile kazi ikipotea, mi sina tena nguvu ya kusimama kwa ile mafuta. Angalia kama kuko neno unaweza kulainisha."

Nuru akamjibu kwamba halainishi, anafasiri. Akaichukua karatasi.

Alikuwa na desturi moja ambayo wateja waliichukia: hakugusa kalamu mpaka afike mwisho. Alisoma mistari yote, akarudi juu, akasoma tena. Sadiki akahema. Bilkisi alikuwa anasoma uso wa Nuru, maana ndicho kitu pekee pale alichoweza kukisoma.

Sasa, jambo lenyewe ni hili. Msahafu umeandikwa na irabu zake zote, vile vijistari na vijimkia vya juu na chini vinavyokuambia herufi itamkwe *a*, *i* au *u*. Mtoto wa madrasa huwa haoni herufi za Kiarabu bila nguo hizo. Lakini polisi hawaandiki msahafu. Polisi, magazeti, wenye maduka, wote huandika herufi tupu, na msomaji hujaza mwenyewe kutokana na maana, kama wewe unavyoandikiwa kwa simu "ntkja ksho" na hukosi usingizi. Neno la kwanza la sentensi ile lilikuwa dhadi, ra na ba. Ukitaka ni *dharaba*, alipiga. Ukitaka ni *dhuriba*, alipigwa. Herufi ni zilezile.

Na Maalim angesomaje zaidi ya *dharaba*? Ni kitenzi cha kwanza ambacho kila mwanafunzi hufundishwa. Mfano wake ni mmoja: bwana Zaidi kampiga bwana Amri. Mamia ya miaka Zaidi anampiga Amri katika masomo ya sarufi, na hakuna aliyewahi kuuliza Amri alikosa nini. Nuru mwenyewe alifundishwa kitenzi hicho na Maalim Abibu huyohuyo, kwa maneno na kwa fimbo ya mwanzi.

"Alimpiga nani?" Nuru aliuliza.

Sadiki akasema ni lile jitu, nani mwingine.

Nuru akasema kwenye karatasi hakuna jitu. Kuna dereva, kuna kupiga, halafu yanakuja maegesho. Aliyepigwa hayupo. Na neno linalofuata, la kupeleka hospitali, nalo halina mtu. Anapiga hewa, kisha anaibeba hewa hospitali? Polisi waandike jina la dereva, namba ya lori na rangi ya lori, wasahau mtu aliyevunjwa?

Sadiki alianza kutokwa jasho, na asubuhi ya Dilala mwezi wa sita haina joto la kumtoa mtu jasho.

Nuru alikuwa ameshajua. Alijua tangu mstari wa pili. Lakini kabla hajasema, mlango ukafunguka na Maalim Abibu akaingia, amepata habari kwamba usomaji wake unapimwa upya. Alikaa bila kuambiwa. Akasema, kwa upole unaouma kuliko fimbo, kwamba alimfundisha Nuru alifu kwa kijiti.

Nuru alimwamkia kwa heshima zote. Kumkosoa mzee aliyekupa herufi si mchezo, na alimpenda. Hakubishana. Alimpa penseli, akamwomba amsaidie kutia irabu aya yote, kuanzia mwanzo hadi nukta, kama alivyokuwa akiwatilia wao ubaoni.

Maalim alifurahi. Akatia *a* juu ya dhadi, *a* juu ya ra. *Dharaba*, alipiga. Akaendelea: *naqala*, alipeleka. Mkono ulikuwa mzuri, irabu zimenyooka. Kisha penseli ikafika pale ambapo Jumatano alikuwa amefunga kwa dua, ikasimama.

Neno lilikuwa la kutibu. Lingekuwa "alitibu", katikati pangekaa alifu. Palikaa wau. Hapo hakuna cha kujaza kwa kichwa, herufi yenyewe imeandikwa: *ulija*, alitibiwa. Akatibiwa jeraha la kichwani mwake. Maalim akarudi nyuma kwa kidole, akimtafuta huyo mgonjwa. Katika mistari yote hiyo alikuwa ametajwa mtu mmoja tu, dereva. Akasonga mbele: mpishi, na kufungwa, siku tatu. Hilo nalo lingeweza kusomwa kwamba mpishi alifunga, lakini hata Maalim aliona kwamba mpishi hana jela ya kumfungia mtu.

Mzee aliweka penseli chini. Kisha akaomba kifutio.

Alifuta *a* zake polepole, akaweka *u* juu ya dhadi na *i* chini ya ra. *Dhuriba*. Akashuka: *nuqila*, alipelekwa. Sentensi yote ikakaa sawa, kila mtu mahali pake: dereva alipigwa, akapelekwa hospitali, akatibiwa jeraha la kichwa, mpishi akafungwa siku tatu.

"Mi nilikufundisha kutia irabu," Maalim alimwambia Nuru. "Kusoma mpaka mwisho, haiko mi nilikufundisha."

Nuru alitaka kulia, akaangalia mashine ya kopi.

Bilkisi alikuwa amesimama. Alinyoosha mkono, akamvua mumewe kofia. Juu ya sikio palikuwa na kovu la urefu wa kidole.

"Uliniambia ni mulango ya camion, ile lori yako, ilikugonga."

Sadiki alifunika kovu kwa kiganja. Kisha akamgeukia Nuru na kuomba kwa sauti ya chini: aandike kwamba walipigana. Hivyo tu. Nuru akamwambia kupigana kungehitaji mtu wa pili na herufi nyingine, na hata angekuwa nazo, Mzee Kitenge hamtaki mpiganaji. Akaandika tafsiri, akagonga muhuri. Lile pigo la muhuri lilimfanya Sadiki afumbe macho.

Lakini karatasi peke yake haikutosha. Mzee Kitenge alikuwa amesikia kwa masikio yake kutoka kinywa cha Maalim, na kinywa hichohicho ndicho kingeweza kufuta. Na msikiti ule una desturi: lililosomwa vibaya mbele ya watu husahihishwa mbele ya watu walewale. Maalim akasema atasoma Ijumaa baada ya sala. Sadiki akaomba iwe faraghani, kwa Mzee Kitenge tu. Maalim akakataa. Bilkisi alikuwa amekumbatia kofia.

Ijumaa, Nuru na Bilkisi walikaa nyuma ya pazia na wanawake wengine. Maalim alisoma tafsiri kwa Kiswahili, bila mvuto wowote, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Alisema Jumatano alikosea, kosa ni lake, si la karatasi. Alipigwa, akasema. Na mpishi.

Huko mbele, mtu akakohoa kile kikohozi kinachoficha kicheko, na vikafuata vikohozi kumi. Mzee Kitenge akauliza, kwa haki kabisa, mpishi alimpigia nini.

Sadiki angeweza kuondoka. Nuru alimsikia akisimama, akangoja kumsikia akivaa viatu mlangoni.

"Nilimuambia chai yake iko maji tupu," Sadiki alisema. "Alinipiga na mwiko ya chuma. Si jitu. Ni muzee, anafika hapa kwa bega yangu. Mi nililia, nikaita jina ya bibi yangu mpaka hospitali. Ile haiko kwa karatasi, lakini ni kweli."

Kauli ile haikuhitaji muhuri. Vikohozi vilikatika. Mzee Kitenge aliomba kalamu, na wakati mnyapara akitafuta mahali pa kuweka sahihi kwenye faili, Bilkisi alisema amina kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti iliyofika hadi barabarani.