Wa Kushika Kaunta

Mfamasia alikuwa amepanga kula mchana na dada yake, aliyepita mjini kubadilisha basi tu. Mfamasia mwenzake, wa kumshikia kaunta, akapiga simu: mwanawe anaumwa, haji.

"Nenda, bosi, nitashika mimi," msaidizi alisema. "Kwani dawa zitanikimbia?"

"Huna leseni. Nikitoka, tunafunga." Foleni ilikuwa imefika mlangoni, watoto wenye homa wamelala mabegani mwa mama zao. Akabaki.

Dada akaja dukani, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, chakula chao kikipoa mapajani. Basi lilipokaribia kuondoka, akapanga foleni kama wengine.

"Karatasi ya daktari?" mfamasia aliuliza bila kuinua macho.

"Sina, mdogo wangu. Nimekuja kuaga."