Bei ya Shangazi

Duka la mapazia lilikuwa vyumba viwili vya mbele vya nyumba yao. Katika kimoja fundi alishona, mashine mbili zikitazamana na meza ndefu ya kukatia katikati. Katika kingine mapazia yalining'inia kwenye mabomba kama kwenye dirisha la kweli, na hapo ndipo mkewe alipopiga picha za kuweka mtandaoni. Wateja walimwita Bi Picha, na jina lilimganda hata nyumbani.

Mtu wa tatu alikuwa dada mkubwa wa fundi, ambaye dunia nzima ilimwita Shangazi. Yeye hakushona wala hakupiga picha. Alikaa kwenye kochi karibu na mlango wa chumba cha mapazia, miguu juu ya kigoda, simu mkononi, akijibu watu. Mtu akiuliza "bei?" chini ya picha, Shangazi alimwita inboksi, akamsalimia, akauliza dirisha lake linatazama wapi, ukuta una rangi gani, mama hajambo. Wengine walinunua. Wengine walichoka kusikiliza ujumbe wake wa sauti wa dakika tatu tatu, wakapotea.

"Wifi, watu hawa tunawapoteza njiani," Bi Picha alimwambia siku moja. "Mtu anaona pazia, anaulizia bei, anasubiri jibu, anaombwa namba, anatumiwa maelekezo ya kulipa. Akifika huko hamu imeshakwisha."

"Hamu ikiisha upesi hivyo, hakuwa mnunuzi," alijibu Shangazi.

Lakini fundi alikubaliana na mkewe, na Bi Picha akaanza kufungua duka ndani ya programu ile ile walimokuwa wakiweka picha. Alitaka jambo moja tu. Mtu aone pazia, alibonyeze, bei itokee juu yake, achague rangi na kipimo, alipe hapo hapo bila kutoka.

Kusema ni rahisi. Kwanza alibadilisha ukurasa wao uwe wa biashara. Kisha programu ilitaka uthibitisho kwamba tovuti yao ndogo ni yao kweli, na hilo lilimla siku nzima. Kisha ikaja katalogi, yaani orodha ya bidhaa zote, kila moja na picha, maelezo, bei, idadi iliyopo na ukurasa wake kwenye tovuti. Kila rangi na kila kipimo vilitaka mstari wao.

Hapo fundi aliinua kichwa kutoka kwenye mashine. "Vipimo gani? Mimi nashona dirisha la mtu. Dirisha si soksi."

"Chagua urefu wa aina mbili na upana wa aina tatu. Anayetaka tofauti atatuandikia."

"Na mwenye dirisha la pembeni, lile la ngazi?"

"Baba watoto, naomba urefu wa aina mbili."

Akampa, huku akinung'unika.

Ili asiandike kila kitu mara mbili, Bi Picha aliiunganisha katalogi na tovuti. Kila alfajiri katalogi ilisoma tovuti na kuchukua bei na idadi zilizopo. Shangazi alipewa nywila ya tovuti kwa kazi moja tu: pazia likiuzwa kwa mkono pale mlangoni, apunguze idadi, mtu wa mtandaoni asije kulipia kitu kisichokuwepo. Baada ya hapo duka lilipelekwa kukaguliwa, na wakaguzi wakalikubali. Bi Picha alipiga vigelegele peke yake katikati ya mapazia.

Wiki hiyo alitengeneza video. Fundi alipanda ngazi, akatundika pazia la kijivu lenye mikunjo mizito, akalivuta taratibu, na chumba kizima kikabadilika rangi. Bi Picha akaweka tagi juu yake, alama ndogo ambayo mtu akiigusa anafika kwenye bidhaa. Video ikashika moto. Watu walitumiana kama habari ya harusi.

Jioni alipoifungua kuitazama, tagi haikuwepo.

Alidhani macho yake yamechoka. Akaifunga simu, akaiwasha upya. Video ipo, fundi yupo ngazini, pazia linavutwa, tagi hakuna. Na chini yake, mstari juu ya mstari: "Bei?" "Bei jamani?" "Mbona hamjibu bei?"

Kwenye katalogi pazia la kijivu lilikuwa na alama nyekundu. Bidhaa imekataliwa. Bei ya katalogi hailingani na bei ya tovuti. Bidhaa ikikataliwa, tagi zake zote hufa nayo.

Akafungua tovuti. Bei ilikuwa ile ile. Akaziweka simu na kompyuta sambamba, akasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, tarakimu moja moja. Zililingana. Akaomba ukaguzi upya. Kesho yake pazia likakubaliwa, akarudisha tagi, akashusha pumzi. Mchana likakataliwa tena, safari hii pamoja na lile la rangi ya maziwa na lile la rangi ya majani.

"Wamenichagua mimi," alimwambia mumewe. "Kuna mtu huko amekaa anasema, yule mama leo asile."

"Si ni mashine inayokagua?"

"Basi mashine imenichukia."

Akaandikia huduma kwa wateja. Alijibiwa upesi sana, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Asante kwa kuwasiliana nasi. Hakikisha bei ya katalogi inalingana na bei ya tovuti. Akaandika: zinalingana. Akajibiwa: tunaelewa usumbufu, hakikisha bei ya katalogi inalingana na bei ya tovuti. Bi Picha aliiweka simu kifudifudi juu ya meza ya kukatia, akaondoka, akarudi, akaigeuza, akasoma tena kama vile maneno yangekuwa yamebadilika.

"Hii wifi nayo inasumbua leo," alisema kwa sauti, maana mtandao ulikuwa unajivuta.

"Nimesumbua nini tena?" Shangazi akaitikia kutoka kwenye kochi.

"Si wewe, wifi. Mtandao."

"Haya. Mimi natafuta wateja wenu huku."

Video iliendelea kuzunguka bila tagi. Kila aliyeuliza bei alijibiwa na Shangazi inboksi, na wengi walikuwa wameshapita. Bi Picha alianza kuota alama nyekundu. Alimfokea mumewe kwa kuacha mkasi juu ya kompyuta, kisha akamfokea kwa kunyamaza.

Mwishowe aliamua kukusanya ushahidi. Angepiga picha ya skrini ya bei ya tovuti mchana kutwa, kila baada ya muda mfupi, awatupie watu wa programu lundo zima. Alikaa na kikombe cha chai, akafungua ukurasa wa pazia la kijivu, akapiga picha. Akaufungua upya, akapiga. Akaufungua upya tena, na kidole kikabaki hewani.

Bei ilikuwa imeshuka.

Haikuwa imeshuka kidogo. Aliufungua upya akidhani ni kosa, bei ikabaki pale pale chini.

"Tumeingiliwa!" alipiga kelele. "Kuna mwizi ndani ya tovuti!"

Fundi aliiacha mashine ikizunguka. Bi Picha alibadilisha nywila na kuwatoa watu wote waliokuwa ndani. Alikuwa bado hajashusha pumzi pale mlango ulipofunguliwa na Shangazi akaingia, miwani puani, amekunja uso.

"Wifi, hebu niangalizie. Kile kitovuti chenu kimenitupa nje, na nina mteja ananisubiri."

Fundi aliizima mashine.

"Ulikuwa unafanya nini huko ndani, wifi?" aliuliza Bi Picha, polepole.

"Nashusha bei. Kuna binti anahamia nyumba, hana hili wala lile, ameniomba. Namshushia, ananunua kwenye tovuti, akimaliza narudisha ilivyokuwa. Sijawahi kuiacha chini hata mara moja." Alisema hilo la mwisho kwa fahari.

"Siku zote hizi?"

"Si kwa kila mtu! Kwa anayesema vizuri."

Bi Picha alikaa kwenye benchi. Sasa aliona yote. Katalogi ilisoma bei alfajiri. Mchana Shangazi aliishusha kwa ajili ya mtu mmoja, mashine ya ukaguzi ikapita ukurasani saa hiyo hiyo, ikaona bei mbili, ikakataa. Naye alipokuja kutazama, Shangazi alikuwa ameshairudisha.

"Video ile imekufa mikononi mwangu," alisema. "Watu wale wote. Nimegombana na mume wangu, nimewatukana watu wa programu, nimejiona mjinga. Kumbe ni wewe uko hapo kwenye kochi!"

"Usinipandishie sauti."

"Nitaipandisha!"

"Wifi," alisema Shangazi, na safari hii hakuwa na fahari, "mlipofungua hilo duka lenu, kuna aliyeniuliza? Mtu abonyeze, alipe, aende. Haya, na mimi nikae hapo mlangoni kufanya nini? Kuuza kwangu ni mdomo. Mkiniondolea maneno na bei, nabaki na kigoda."

Bi Picha alitoka akaenda kusimama uani. Alipika chakula cha jioni, na Shangazi akala peke yake kwenye kochi.

Kesho yake, bado amenuna, Bi Picha aliketi kwenye kochi upande wa pili wa kigoda. "Sikiliza. Bei ya ukurasani usiiguse, hata aombe nani. Ukitaka kumpunguzia mtu, kuna msimbo, neno dogo ambalo mteja analiandika wakati wa kulipa ndani ya programu. Linampunguzia yeye peke yake, bei ya nje inabaki ilivyo. Nitakutengenezea kadhaa. Ukimpa mtu, akishalitumia halifanyi kazi tena."

Shangazi alifikiri. "Neno nachagua mimi?"

"Chagua."

"Na nikikosea?"

"Utaniambia. Utaniambia, wifi, usinyamaze."

Bi Picha aliomba ukaguzi upya, na mapazia yote yakakubaliwa. Safari hii yalibaki yamekubaliwa. Lakini video ilikuwa imeshapoa. Tagi yake sasa ilifanya kazi vizuri kabisa, bila mtu wa kuigusa. Alimwomba fundi apande ngazi tena, fundi akasema magoti hayamtaki, akapanda. Video ya pili iliangaliwa na watu wachache, nusu yao jamaa.

Hata hivyo oda ziliingia, moja leo, nyingine keshokutwa, zimelipwa tayari. Shangazi alizitazama kwa mashaka. "Amenunua bila hata hujambo," alisema. "Mtu wa namna gani huyu?"

Siku moja maoni yaliingia chini ya pazia la rangi ya majani: "Bei?" Bi Picha alikuwa anakunja vitambaa. Alimwona Shangazi akiandika kwa kidole kimoja, midomo ikitembea: *Liguse pazia mwanangu, bei ipo hapo hapo.*

Jibu halikukawia. *Nimeligusa Shangazi. Nipunguzie basi.*

Shangazi aliinua macho juu ya miwani, akamtazama wifi yake, akingoja. Bi Picha alikunja kitambaa kingine, akakinyoosha pembe, akakiweka juu ya vingine.

"Mpe neno moja," alisema. "Moja tu."