Nukta Tatu Ndani ya Maneno ya Mbwana

Wewe ulikuwapo. Usiniambie ulikuwa kazini Changamwe, wala usimsingizie mtoto homa. Ulikuwapo barazani Likoni, mwaka huu huu wa sitini na mbili, uhuru ukinukia kila pua, na taarifa ya mashamba ya Mtongwe iliposomwa ukatazama kando, ukajifanya wahesabu kunguru juu ya bati. Basi kaa usikie ulichokikwepa. Mwanatatu binti Mbwana hakuwa na pa kukwepea; lililokuwa likisomwa lilikuwa shamba lake.

Msomaji alikuwa Obeid, karani wa ukoo uliotokeza na hati ya Mtongwe nzima. Alikuwa na sauti ya kusomea maulidi, na taarifa yenyewe ilikuwa kijitabu alichokitunga mwenyewe kikapigwa chapa.

"Wazee wote wa Mtongwe," akasoma, "walikiri kuwa wapangaji. Marehemu Mzee Mbwana wa Boga, mbele ya baraza la ushahidi la mwaka wa hamsini na nane, alisema hivi: 'Kila mavuno tulimpelekea kapu la nazi, na hakuna aliyekataa.'" Akainua macho. "Hiyo ndiyo kodi, jamaa, aliyopelekewa mzee wa ukoo wetu. Kodi ya nazi."

Mwanatatu akahisi kama amechapwa kofi na mkono anaoujua. Maneno yale yalikuwa ya babake. Kapu, mavuno, hata lile "hakuna aliyekataa" alilolisema mzee akipiga goti kwa kiganja. Ungekuwa uongo mtupu, angesimama akaupigia kelele. Lakini utampigiaje kelele babako?

Bwana Shauri, afisa wa serikali, akafunga baraza kwa maneno machache. Mwenye jibu alilete Jumatatu. Baada ya hapo taarifa itapelekwa juu, na aliye mpangaji atahama kabla ya mvua za masika.

Jioni ile Katana, katibu wa chama cha wakulima, alikuja na nakala ya kijitabu. Mwanatatu alisoma chuoni kwa Kurani, herufi za Kiarabu azijua; hizi za kizungu, Katana ndiye aliyemsomea.

"'Kila mavuno tulimpelekea kapu la nazi...'" Katana akasita. "'...na hakuna aliyekataa.'"

"Mbona umenyamaza katikati?"

"Pana nukta tatu hapa, Bi Mwanatatu."

"Nukta za nini?"

"Ndivyo waandikavyo wakiruka maneno."

Mwanatatu akaweka chini kikombe. "Obeid hakuzisoma nukta hizo."

"Nukta hazina sauti, mama. Ndiyo raha yake."

"Basi mimi nakwambia kilichomo ndani yake. Nilikuwapo mwaka wa hamsini na nane, nimeketi nyuma ya baba. Alisema: kila mavuno tulimpelekea kapu la nazi, na kila Idi yeye akatuletea mchele na kitoweo. Tulipelekeana, ndiyo ada ya majirani, na hakuna aliyekataa. Hakuna aliyekataa *zawadi*, Katana! Si kodi! Mwenye nyumba gani amletea mpangaji mchele?"

Katana akacheka kicheko kichungu. "Amekata 'na' ya mwisho. Kupelekeana kumekuwa kupeleka."

Asubuhi wakaenda ofisini kwa Bwana Shauri, maana maandiko ya ushahidi yalikuwa pale na kila mtu ana haki ya kuyasoma, ila hakuna aombaye. Karani aliwatazama kama walioomba kuonyeshwa sanduku la maiti. Wakaketi benchi moja, Katana akiweka kidole huku kwenye kijitabu na huku kwenye ushahidi.

Hapo ndipo uchungu ulipoanza kuwa na sura. "Wazee wote" walikuwa wazee wanne. Waliotoa ushahidi ni kumi na wanne. Hao wanne walisema asubuhi, na watatu kati yao walikuwa wafanyakazi wa ukoo wenye hati; wa nne ni Mbwana. Wa alasiri, waliosema mashamba ni ya babu zao, hawakutajwa hata jina. Tena kijitabu kilimtaja "Mzee Mbwana wa Boga," kurasa mbili mbele "mkulima mmoja mkongwe," kisha mwishoni "shahidi wa Mtongwe mwenye kuheshimiwa." Walipofuatisha kila kauli, wote watatu walikuwa Mbwana yule yule.

"Marehemu kawa umati," akasema Mwanatatu. "Na wote wamtetea Obeid."

Wakafika kwenye kauli ya babake, nzima. Mchele ulikuwapo. Tulipelekeana ilikuwapo. Katana akapiga benchi kwa furaha. Kisha akaendelea kusoma kimya, na Mwanatatu akamwona anafunika mstari kwa kiganja.

"Soma."

"Si kitu."

"Katana. Soma."

"'Ila kile kipande cha kisimani,'" Katana akasoma polepole, "'hicho tulikodi kweli, na kodi yake tulilipa.'"

Kweli. Kipande cha minazi michache, kando ya kisima. Mwanatatu alikuwa amekisahau, au alikuwa ametaka kukisahau.

"Hili tutaliacha," Katana akasema. "Ni kipande kidogo. Tukiliandika, tumempa kisu."

"Ukiliacha, kisu utampa wewe. Yeye ameyasoma haya kabla yetu, mwanangu. Ajua lilipo. Liandike mbele kabisa: kipande hiki tulikodi, baba mwenyewe asema, vingine vyote si vyake, baba yule yule asema. Atakayekubali la kwanza atakosaje kuamini la pili?"

"Inshallah, nitaona."

Hakuona. Jumatatu Katana alisimama na karatasi yake nzuri, ya kwake na ya chama. Akaonyesha nukta tatu, watu wakanguruma. Akasoma mchele, akasoma tulipelekeana. Wanawake wakapiga vigelegele. Na Obeid akangoja, ametulia kama paka mbele ya mchuzi unaopoa.

"Ndugu Katana," akasema, "umesoma kauli yote?"

"Yote."

"Wallahi?"

Obeid akafungua maandiko ya ushahidi akasoma habari ya kisima, neno kwa neno. "Hawa ndio wanaotufundisha nukta! Ya kwao hata nukta haina!"

Ukacheka, wewe nawe. Nilikuona. Lilikuwa neno la kuchekesha, nakubali. Lakini katika kicheko kile ukazika mchele, ukazika wazee kumi wa alasiri, ukazika Mbwana mmoja aliyefanywa watatu. Kosa la Katana halikuufanya uongo wa Obeid kuwa kweli. Liliwapa tu wavivu sababu ya kwenda nyumbani.

Mwanatatu alisimama peke yake. "Bwana Shauri, kipande cha kisimani tulikodi. Ningelisema mimi kwanza, nisingechekwa. Naomba kauli ya baba isomwe yote hapa, na za wote kumi na wanne, asubuhi na alasiri."

Bwana Shauri akatazama saa. Akasema hana siku ya kusoma vitabu. Lakini likija ombi lenye alama za vidole za watu wa Mtongwe kabla ya Ijumaa, ataambatisha ushahidi mzima kwenye taarifa. Lisipokuja, kijitabu kitakwenda peke yake.

Leo ni Jumatano. Ombi liko barazani kwa Mwanatatu, na chini yake alama ni tisa, mojawapo ya Katana, ambaye hainui uso. Kisima kimeandikwa mstari wa kwanza. Njoo. Usimwamini Mwanatatu, wala mimi: mwambie Katana akusomee kila mstari, uulize nani hakutajwa, uulize penye kila nukta palikuwa na maneno gani. Kisha chovya kidole wino, ukibandike. Inuka sasa hivi, kahawa utaikuta.