Mwenzangu Asiyejua Kitu

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mwaka ule nilihamia kwake kwa sababu ya fizikia. Masomo mengine yote nilifaulu, fizikia ikanipiga mwereka. Chuo cha uuguzi walikubali kunishikia nafasi mwaka mmoja: nikirudia mtihani na kufaulu, naingia, nikianguka tena, anapewa mwingine. Wenzangu wote walikwisha kwenda zao. Mimi nikabaki nashona vifungo asubuhi na kusoma mchana, kwenye kona ya chumba cha kazi, nikiwa na hasira na dunia nzima.

Sikuwa mjinga, naomba hilo lieleweke mapema. Nilikuwa na mitihani ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake, na yote nilikuwa nimeyakariri. Ungenitajia swali ningekupa jibu kabla hujameza mate. Ndivyo nilivyoingia kwenye mtihani wa kwanza, kifua mbele. Watunga mitihani, watu wasio na haya, wakayageuza maswali kidogo tu, nikatoka mle kama kuku aliyenyeshewa.

Siku moja mwalimu wangu wa fizikia alileta suruali ipunguzwe. Akanikuta midomo inacheza juu ya karatasi.

"Bado unakariri?" akaniuliza.

"Najikumbusha, Mwalimu."

"Hayo unayajua kwa macho. Chukua jibu, lieleze kwa sauti, kama unamfundisha mwenzako. Utakapokwama, hapo ndipo hujui. Rudi kitabuni pale pale."

"Mwenzangu yupi, Mwalimu? Wote wameondoka."

"Jitungie wako kichwani," akasema, akamgeukia Shangazi kuzungumza habari za kiuno chake.

Chumbani mle mlikuwa na sanamu la kujaribishia nguo: mabega, kifua, mguu mmoja wa mbao, basi. Nikalisimamisha mbele yangu, nikalifanya ni yule msichana aliyekuwa akiongoza darasani, tuliyekuwa tukimwita Kichwa. Shangazi alicheka mpaka akasimamisha cherehani, kwa maana sanamu lenyewe lilikuwa limekatikia shingoni.

Nikaanza kufundisha. Wiki nzima nilieleza, na mambo yakaenda mserereko. Swali, jibu, swali, jibu. Mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni alinisikiliza kidogo, kisha akamnong'oneza Shangazi, "Binti yako mzima?"

"Anasoma," Shangazi akasema.

"Anamsomea nani?"

"Mwenzake," akajibu, bila hata kuinua macho kwenye pindo lake. Nampenda Shangazi kwa mambo kama hayo.

Lakini mteja alipotoka, akanigeukia. "Mwanangu, huyo mwenzako mbona haulizi kitu?"

"Kwa sababu ana akili. Anaelewa haraka."

"Kama anaelewa yote, wewe unamfundisha nini?"

Nilinuna. Kuambiwa kweli na mtu mwenye pini mdomoni kunauma. Nikavuta sindano na uzi nikashona vifungo viwili kwa hasira, na kadiri nilivyoshona ndivyo nilivyoona ujinga wangu. Kila nilipofika pagumu nilikuwa namwambia Kichwa, "Hapa unajua mwenyewe," na Kichwa, kama kawaida yake, alijua. Nilikuwa nimejichagulia mwanafunzi wa kunificha.

Basi nikamfukuza. Mahali pake nikamweka Mtoro, msichana ambaye muhula mzima hakuonekana darasani, halafu anakuja wiki ya mwisho anataka aambiwe kila kitu. Nikajiwekea sharti: neno lolote Mtoro asilolijua siruhusiwi kulitumia mpaka nimeeleza maana yake. Na kila sentensi ana haki ya kuuliza kwa nini.

Nikachukua swali nililolijua kuliko yote. Maji yamechemka, moto bado unawaka, lakini kipimajoto kimeganda pale pale kwenye mia. Eleza.

"Ni kwa sababu ya joto fiche," nikamwambia Mtoro, nikashika karatasi nyingine.

Joto fiche ndiyo nini? nikamsikia Mtoro akiuliza.

"Ni joto linalotumika kubadili maji yawe mvuke bila kupandisha halijoto."

Yaani kipimajoto hakipandi kwa sababu ya joto lisilopandisha kipimajoto? Umenizungusha tu. Moto unawaka, joto linaingia kwenye maji. Linakwenda wapi?

Nikairudia karatasi ya kwanza, nikaigeuza nyuma na mbele. Jibu lile nilikuwa nimeliandika mara zisizo na hesabu, na mwongozo wa kusahihishia ulilipa alama, na kumbe sikuwa na habari nalo hata kidogo. Niliogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa. Kama hili ndilo ninalolijua kuliko yote, hayo mengine je?

"Umekwama?" Shangazi akauliza.

"Nimekwama."

"Si ndiyo aliyosema mwalimu? Fungua kitabu."

Nikafungua, nikasoma safari hii nikitafuta kitu, si kupitisha macho. Kisha nikarudi kwa Mtoro. Nikamwambia: maji ni chembe ndogo ndogo zinazokwenda huku na huku, na zinavutana. Ukipasha maji, chembe zinazidi mwendo, na mwendo huo ndio kipimajoto kinaousoma. Maji yakifika kuchemka, joto linaloingia haliongezi mwendo tena. Linafanya kazi ya kuziachanisha chembe zinazovutana, ziende zake kuwa mvuke. Mwendo haujaongezeka, kwa hiyo kipimo hakipandi. Joto halikupotea, limo ndani ya mvuke.

Mtoro akaridhika. Nami nikapiga makofi ya furaha nikamshtua Shangazi akajidunga.

Tangu hapo tulikwenda polepole, aibu baada ya aibu. Mtoro alinikwamisha kwenye lenzi, akanikwamisha kwenye umeme, akanirudisha mpaka kwenye mambo ya kidato cha pili. Nilipokwama niliweka alama ya chaki kwenye swali, nikasoma, na kesho yake nikamweleza upya bila kutazama. Baadhi nilikwama hata mara ya pili. Nikamtukana, lakini nikamweleza.

Siku ya mtihani swali la nne lilisema: Mvuke wa nyuzi mia huunguza ngozi vibaya kuliko maji ya nyuzi mia. Eleza. Katika mitihani yangu yote ya zamani halikuwamo. Nikamsikia Mtoro: lile joto lilikwenda wapi?

Kivuli kikasimama juu ya meza yangu. Msimamizi.

"Unazungumza na nani?"

Kumbe nilikuwa natoa sauti. Nikaona chuo kinaondoka. Msimamizi akaangalia ukuta upande mmoja, meza tupu upande mwingine, akaangalia mikono yangu.

"Najieleza mwenyewe, Mwalimu. Samahani."

"Jieleze kwa kalamu," akasema, akapita.

Nikamweleza Mtoro kwa kalamu: mvuke ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na ukirudi unaliachia lile joto lote lililotumika kuachanisha chembe, kabla hata ya kuanza kupoa. Maji ya moto hayana hilo la ziada. Niliandika huku natabasamu.

Matokeo yalipotoka nilikimbia nayo mpaka chumba cha kazi. Shangazi alikuwa anatarizi kola ya mtu. Akaangalia herufi ile moja ya alama ya fizikia kwenye simu yangu, akaniangalia mimi.

"Hii ndiyo nzuri au mbaya? Nieleze."

"Nzuri, Shangazi. Nimefaulu."

"Maana yake nini?"

"Maana yake chuo wananichukua."

"Maana yake nini?" akarudia, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi.

"Maana yake nakwenda, Shangazi."

Akatikisa kichwa kukubali, akaiweka kola chini, akanivuta kifuani akanikumbatia pamoja na pini zake zote. "Sasa nimeelewa," akasema.